Maelezo ya daktari yapangwe upya, lakini yasiongezwe neno

Mgonjwa anapotolewa Lushebere kupelekwa hospitali kuu ya rufaa ya Masisi, huondoka na vitu viwili: mtu wa kumsindikiza na karatasi. Msindikizaji anaweza kuwa mama, bibi, jirani wa kambini au kijana aliyeshika kipoyi. Mara nyingi hajui dawa gani imetolewa wala saa ngapi. Karatasi ndiyo inayopaswa kujua. Njia kutoka Lushebere hadi Masisi-Kati si ndefu, lakini mvua huirefusha, na mapigano huirefusha zaidi. Anayefika upande wa pili hupokelewa na muuguzi wa zamu ambaye hajawahi kumwona, na ambaye hana namna ya kumpigia simu aliyeandika ile karatasi ikiwa mtandao umekatika.

Ndiyo maana mjadala kuhusu namna daktari anavyoandika maelezo ya mgonjwa si jambo la ofisini. Katika wilaya ya Masisi, ambako mji mkuu wake ulitekwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa Januari 2025 na maelfu ya watu wakahama, na wengine wakajibanza ndani ya uzio wa hospitali, ni kawaida kwa mgonjwa mmoja kuhudumiwa na watu watatu katika sehemu tatu kwa wiki moja. Kila mmoja wao hutegemea alichoandika mwenzake. Hospitali ya Masisi ilianza kusaidiwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 2007, na wafanyakazi wake hubadilika: wapo wazaliwa wa hapo, wapo waliotoka Goma na Bukavu, wapo waliotoka ng'ambo. Wote husoma fishi ileile, kila mmoja kwa macho yake.

Madaktari wengi huandika kama wanavyosimulia. Sentensi moja huvuta nyingine: alichosema mama, alichopima daktari, anachodhani, anachoagiza, kisha anakumbuka jambo alilolisahau na kulichomeka mwishoni. Aliyeandika anaelewa vizuri. Shida ni ya msomaji. Dawa ya shida hiyo imejulikana kwa zaidi ya nusu karne, nayo ni kuyapanga maelezo katika sehemu nne zenye herufi S, O, A na P. Kwa bahati herufi hizo zinakubali Kiingereza na Kifaransa pia, kwa hiyo daktari wa Kongo hana haja ya kuzibadili. S ni yale yaliyosemwa na mgonjwa au aliyemleta. O ni yale yaliyoonekana, kuguswa, kusikika au kupimwa na mhudumu mwenyewe. A ni tathmini, yaani daktari anadhani ni nini na kwa nini. P ni mpango: nini kimeamuliwa, nani afanye, lini.

Mpangilio huo ulitokana na kazi ya daktari Mmarekani Lawrence Weed. Alikuwa mtafiti wa maabara kabla ya kurudi wodini, na alishangaa kuona kwamba kijana wa maabara aliandika majaribio yake kwa utaratibu kuliko daktari aliyeshika uhai wa mtu. Mwaka 1968 alichapisha makala yake maarufu katika jarida la tiba la Nyu Inglandi, akidai kwamba fishi ya mgonjwa lazima ijengwe juu ya orodha ya matatizo yake yenye namba, na kila tatizo lifuatwe kwa hizo sehemu nne. Watu wengi walichukua herufi nne wakaiacha orodha. Hilo litarudiwa hapa chini, kwa sababu ndipo kosa kubwa linapoanzia.

Hoja ya makala hii ni kwamba kupanga upya maelezo ya daktari ni kazi inayofaa kufanywa Lushebere, Masisi, Walikale na kwingineko, lakini ni kazi ya kuhamisha maneno. Anayepanga hana ruhusa ya kuyaongeza wala kuyasafisha. Fishi iliyopangwa vizuri lakini ikatiwa jambo ambalo daktari hakuliona ni hatari kuliko fishi ya ovyo iliyo kweli.

Mfano utasaidia. Huu si wa mgonjwa fulani. Umeundwa kwa mambo yanayoonekana kila msimu wa malaria katika vituo vya milimani. Daktari wa kliniki inayotembea ameandika hivi:

"Mtoto wa kike, miezi 26, kilo 10, ameletwa na bibi yake kutoka kambini kwa malaria kali. Ana homa tangu siku tatu, anakohoa, jana alitapika mara mbili, leo asubuhi alipata degedege kwa muda mfupi. Kituo cha kwanza kilimpa dawa ya maji, jina halijulikani. Joto 39.2, amechoka, kipimo cha haraka cha malaria ni chanya, viganja vimepauka, anapumua mara 52 kwa dakika, mapafu yana sauti upande wa kulia. Hanywi vizuri. Ni malaria kali na pengine nimonia, atesuneti 30 mg kwa sindano, ampisilini, hemoglobini, ahamishiwe Masisi. Mama yake bado yuko njiani. Shingo laini. Sukari haikupimwa, vipande vimekwisha."

Hakuna uvivu katika maelezo haya. Daktari huyu ameangalia shingo, amehesabu pumzi, ametazama viganja. Dozi yake ni sahihi pia: mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa atesuneti miligramu 3 kwa kila kilo, hivyo kilo 10 ni miligramu 30. Kazi ya tiba imefanyika. Sasa tazama kinachotokea maelezo hayo yanapopangwa.

Neno la kwanza linalopaswa kuhama ni "malaria kali" lililo katika mstari wa kwanza. Bibi hakumleta mtoto kwa malaria kali. Alimleta kwa homa, na kwa hofu ya kile alichokiona asubuhi. "Malaria kali" ni hitimisho la daktari, na mahali pake ni A. Likibaki juu, msomaji wa pili atalichukua kama jambo lililokwisha thibitishwa kabla mtoto hajaguswa, na atasoma kila kinachofuata kwa miwani hiyo. Wahudumu wengi wa eneo hili wamewahi kuona mtoto aliyepewa jina la malaria mlangoni, akatibiwa malaria siku nne, huku ugonjwa mwingine ukiendelea chini kwa chini. Kipimo cha haraka kikiwa chanya mahali ambako malaria ni nyingi, hakithibitishi kwamba malaria peke yake ndiyo inayomuumiza mtoto. Kinaweza hata kubaki chanya kwa majuma kadhaa baada ya vimelea kutibiwa.

Kisha S. Hapa huingia homa ya siku tatu, kikohozi, kutapika mara mbili jana, degedege la asubuhi na dawa ya maji isiyojulikana. Juu yake kuandikwe: "Msimulizi ni bibi, mama hayupo." Sentensi hiyo fupi inabadili uzito wa yote yanayofuata. Kama bibi ndiye aliyelala na mtoto, ushahidi wake ni mzuri. Kama alikabidhiwa mtoto asubuhi ile, basi "homa siku tatu" ni habari ya kuambiwa, na mama akifika lazima aulizwe upya. Daktari aliitupa habari ya mama mwishoni kama jambo la pembeni, kumbe ni kiungo cha S nzima.

Neno "degedege" lenyewe linahitaji uangalifu. Bibi wa Lushebere huenda alisimulia kwa Kihunde au Kinyarwanda, mtu akatafsiri kwa Kiswahili, daktari akaandika kwa Kifaransa. Katika safari hiyo, kutetemeka kwa baridi ya homa na degedege la kweli vinaweza kugeuka kitu kimoja. Tofauti ni kubwa. Mtoto anayetetemeka kwa homa bado anakutazama na kulia. Mwenye degedege hupoteza fahamu, macho huviringika au hukodoa, mikono na miguu hukakamaa na kurukaruka, na baadaye hulala usingizi mzito. Kama daktari ameandika tu "degedege", anayepanga aliweke katika S kama usemi wa bibi. Asiliweke katika O, kwa sababu hakuna mhudumu aliyeliona. Wala asiligeuze kuwa "kutetemeka" kwa kudhani. Kama daktari bado yupo, aulizwe: bibi alisema aliona nini hasa? Jibu hilo, kwa maneno ya bibi mwenyewe, lina thamani kuliko neno lolote la kitabuni.

O ni rahisi kuliko zote kwa macho, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Uzito kilo 10, joto 39.2, pumzi 52, kipimo chanya, viganja vimepauka, sauti upande wa kulia wa mapafu, shingo laini: vyote hivyo ni vya daktari mwenyewe. "Shingo laini" iliyokuwa imepotea karibu na mwisho sasa imepata heshima yake. Kwa mtoto mwenye homa na degedege, kila mhudumu anayempokea atajiuliza kuhusu homa ya uti wa mgongo, na jibu la "hapana, shingo haikuwa ngumu saa ile" ni sehemu ya ushahidi, ingawa kwa mtoto mdogo halitoshi kumaliza shaka. Mambo yasiyokuwapo ndiyo hupotea kwanza fishi inapopangwa na mtu mwenye haraka, kwa sababu yanaonekana kama si habari.

Lakini "amechoka" ni nini? Kuchoka kwa mtoto aliyelia njia nzima ni jambo moja. Kulegea kwa mtoto asiyeamka hata akiguswa ni dalili ya hatari, mojawapo ya zile ambazo mwongozo wa huduma ya pamoja kwa magonjwa ya watoto huzitaka ziangaliwe kwanza kabisa, pamoja na kutoweza kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu na degedege. Daktari ameandika neno linaloweza kusomwa pande zote mbili. Na "hanywi vizuri" vilevile: bibi alisema, au daktari alimpa kikombe akaona? Kwenye maelezo ya kusimulia, sentensi hii imekaa kati ya mapafu na tathmini, haina mwenyewe. Anayepanga atajaribiwa kuchagua. Asichague. Aandike kwenye S: "Hanywi vizuri, haikuandikwa kama imeonekana au imesimuliwa." Na kwenye O aandike: "Amechoka (neno la daktari), kiwango cha fahamu hakikuandikwa."

Hapo ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Fomu yenye sehemu nne huwa na nafasi tupu, na nafasi tupu humuudhi mtu msafi. Muuguzi au karani anayenakili huona hakuna mstari wa fahamu, anajua kwamba mtoto mgonjwa wa kawaida huwa na fahamu, basi anaandika "fahamu nzuri". Kwa herufi chache ametengeneza uchunguzi ambao haukufanyika. Saa sita baadaye mtoto akiwa amezimia Masisi, daktari wa huko atasoma kwamba alitoka Lushebere akiwa na fahamu nzuri, na atatafuta kilichotokea njiani, wakati huenda hakuna kilichotokea njiani. Yapo maneno matatu yanayopaswa kuheshimiwa katika kila O: "hakuna", "haikupimwa" na "haikuandikwa". Hayamaanishi kitu kimoja. La kwanza ni matokeo, la pili ni kazi iliyobaki, la tatu ni swali kwa aliyeandika.

Sukari ya damu ni mfano mzuri wa neno la pili. Daktari alisema haikupimwa na akatoa sababu. Katika kupanga, habari hiyo hukaa mahali pawili kwa haki: katika O kama pengo, na katika mambo ya kumuuliza daktari kwa ajili ya P, kwa kuwa mtoto mwenye malaria kali na degedege anaweza kuwa na sukari iliyoshuka, na hilo hutibika kwa dakika chache likijulikana. Ila anayepanga si daktari wa mtoto huyu. Hawezi kuandika katika P "apimwe sukari afikapo" kana kwamba daktari aliagiza. Anaweza kuandika pembeni: "Swali kwa daktari: sukari ipimwe Masisi?" Daktari akikubali, anatia saini, na hapo inakuwa agizo.

Katika A, orodha ya Weed inaonyesha faida yake. Daktari ametaja mambo mawili, malaria kali na nimonia, moja kwa uhakika na jingine kwa "pengine". Yaandikwe kwa namba, na "pengine" ibaki. Tatizo la 1, malaria kali: kipimo chanya, pamoja na degedege lililosimuliwa. Tatizo la 2, nimonia inayoshukiwa: kikohozi, pumzi 52, sauti upande wa kulia. Kwa mtoto wa umri huo, kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 59, pumzi 40 au zaidi kwa dakika huhesabiwa kuwa za haraka, kwa hiyo shaka ya daktari ina msingi unaoonekana. Faida ya namba si urembo. Mpango ukija, kila dawa hufungwa kwenye tatizo lake, na dawa isiyokuwa na tatizo au tatizo lisilokuwa na dawa hujitokeza wazi.

Na hapa linajitokeza moja. Daktari ameagiza hemoglobini, na ameandika viganja vimepauka, lakini hakuandika popote upungufu wa damu. Kila anayesoma anaona alichokuwa akifikiri. Je, anayepanga aandike tatizo la 3, upungufu wa damu? Wengine watasema ndiyo, ni dhahiri. Jibu bora ni hapana. Aandike kipimo katika P kama kilivyoagizwa, na aweke swali. Tofauti inaweza kuonekana ndogo, lakini hitimisho la ugonjwa ni tendo la daktari, lina jina lake na dhamana yake. Siku karani anapozoea kukamilisha mawazo ya daktari pale yalipo dhahiri, atayakamilisha pia pale yasipo dhahiri, na hakuna atakayejua mpaka ulipoanzia.

Sehemu ya nne, P, ndiyo inayoweza kuua. Rudi kwenye maneno ya daktari: "atesuneti 30 mg kwa sindano, ampisilini". Hakuna kitenzi. Je, sindano imechomwa, au iliagizwa ichomwe Masisi? Muuguzi wa zamu akidhani imeshatolewa kumbe bado, mtoto anapoteza saa ambazo malaria kali haimpi. Hata kama imetolewa, saa ngapi? Atesuneti ya sindano hutolewa mwanzo, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza, halafu mara moja kwa siku hadi mgonjwa aweze kumeza dawa. Bila saa ya kwanza, hakuna ya pili inayoweza kuhesabiwa. Ampisilini nayo haina dozi wala idadi ya mara kwa siku.

Kwa hiyo P lazima igawanywe mafungu mawili ambayo maelezo ya kusimulia huyachanganya karibu kila mara: yaliyokwisha kufanywa, na yanayosubiri. Kila lililofanywa liwe na saa na mkono uliolifanya. Kila linalosubiri liwe na mtu wa kulifanya. Kwa mtoto huyu, anayepanga hawezi kujaza chochote kati ya hivyo peke yake. Lazima amrudie daktari kabla pikipiki haijaondoka. Na hilo ndilo tunda kubwa la kupanga maelezo upya: kufichua maswali matano au sita ambayo msomaji wa pili angeyauliza, wakati mwenye majibu bado amesimama pale. Karatasi nzuri huja baada ya hapo.

Fishi ya mtoto huyo, baada ya daktari kujibu, ingesomeka hivi kwa ufupi:

S: Msimulizi bibi, alilala na mtoto, mama hayupo. Homa siku 3, kikohozi. Jana kutapika mara 2. Leo asubuhi "alikakamaa, macho yakageuka, kisha akalala" (bibi). Dawa ya maji kutoka kituo cha kwanza, jina halijulikani.

O: Miezi 26, kilo 10. Joto 39.2, pumzi 52. Anaamka akiguswa, amelegea. Alipewa maji, alikunywa kidogo. Viganja vimepauka. Sauti upande wa kulia wa mapafu. Shingo laini. Kipimo cha haraka cha malaria chanya. Sukari haikupimwa.

A: 1. Malaria kali. 2. Nimonia inayoshukiwa. 3. Upungufu wa damu unaoshukiwa (umeongezwa na daktari).

P: Imefanyika: atesuneti 30 mg, saa 4:10 asubuhi. Inasubiri Masisi: atesuneti ya pili saa 4:10 usiku, ampisilini 500 mg kila baada ya saa 6, haijaanza, hemoglobini, sukari mara afikapo. Mama akifika aulizwe jina la dawa ya maji.

Linganisha karatasi hii na ile ya kwanza. Haikurefuka sana. Lakini muuguzi wa usiku anaweza kuisoma kwa mwanga wa simu, akajua saa nne usiku ana kazi gani.

Wapo wanaopinga mpangilio huu, na hoja zao si za kubeza. Ya kwanza ni kwamba kukatakata simulizi huua simulizi. Ugonjwa una mtiririko: homa ikaja, dawa ya maji ikatolewa, kutapika kukafuata. Ukiandika dalili kama orodha ya soko, unapoteza kujua kama kutapika kulianza kabla au baada ya dawa ile. Hoja hii ni ya kweli. Jibu lake ni kwamba S haipaswi kuwa orodha. Ibaki simulizi, kwa mpangilio wa siku, kwa maneno ya msimulizi inapowezekana. Kinachotolewa ndani yake ni vipimo na mawazo ya daktari tu. Na karatasi ya kwanza isitupwe. Ibandikwe nyuma ya ile iliyopangwa, na iliyopangwa iwe na tarehe na saini ya aliyeipanga, ili mwenye shaka aweze kurudi kwenye chanzo.

Hoja ya pili ni muda. Kliniki yenye foleni hadi chini ya mti haina nafasi ya kuandika mara mbili. Hiyo pia ni kweli, na ndiyo sababu ya kutofanya kazi hii kwa kila mgonjwa. Mtoto aliyekuja na upele akaenda nyumbani na mafuta hahitaji kupangwa upya. Anayehitaji ni yule ambaye msomaji wake anabadilika: anayehamishwa, anayelazwa, anayerudi kwa tatizo lilelile mara ya pili. Na kwa daktari anayeanza leo, njia nyepesi ni kuandika herufi nne pembeni mwa ukurasa kabla ya kuanza, kisha kila sentensi ikaangukia panapoistahili. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Hakuna haja ya kungoja fomu zilizochapwa Goma.

Hoja ya tatu husikika kwa wauguzi wa usiku: wanataka A na P kwanza, kwa sababu ndivyo wanavyovitumia. Hospitali kadhaa za Marekani zilizohamia kompyuta zimegeuza mpangilio kwa sababu hiyohiyo, zikaweka tathmini na mpango juu. Kwa karatasi ya rufaa, hilo ni jambo linaloweza kukubaliwa. Mpangilio wa herufi kwenye ukurasa si dini. Kilicho cha lazima ni kwamba aliyosema bibi yasikae chumba kimoja na aliyopima daktari.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji sana, na Masisi haiwezi kulikwepa. Karatasi ya rufaa hupita vizuizini. Husomwa na watu wenye bunduki. Katika S, mgonjwa mwenye jeraha husimulia nani aliyempiga na wapi. Mwanamke aliyebakwa husimulia nani na siku gani. Kupanga maelezo katika sehemu nne hurahisisha kutenganisha kilicho cha lazima kwa tiba na kile kinachoweza kumdhuru mgonjwa njiani. Ukubwa wa jeraha, damu iliyotoka, saa ya tukio kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72: hivyo husafiri. Majina na makundi hubaki kwenye fishi iliyofungwa kabatini. Na katika S hiyo iliyobaki, neno liwe "anasema". Neno "anadai" hubeba shaka ambayo daktari hana haki ya kuitia, na msomaji wa pili huirithi bila kujua ilikotoka.

Kazi ya kupanga fishi, basi, iwe na masharti machache yanayoshikika. Afanye aliyeandika mwenyewe, siku ileile. Akishindwa, afanye mwingine lakini daktari asome na kutia saini kabla mgonjwa hajaondoka. Kila sentensi ya mwanzo ipatikane mahali fulani katika fishi mpya. Aliyepanga aziwekee alama moja moja kwa kalamu, na isiyopata alama ndiyo iliyopotea. Kila sentensi ya fishi mpya iwe na mzazi katika ile ya zamani; isiyo na mzazi ndiyo iliyobuniwa. Majaribio hayo mawili huchukua dakika tatu, na hukamata karibu kila kosa lililotajwa hapa.

Mganga mkuu wa kanda ya afya anayetaka kujua kama wahudumu wake wanaandika vizuri hahitaji semina ya siku tano hotelini. Achukue fishi kumi za wagonjwa waliohamishwa mwezi uliopita, ampe muuguzi ambaye hakuwaona, amuulize maswali mawili tu kwa kila moja: dawa gani imeshaingia mwilini mwa mtu huyu na saa ngapi, na ni mambo gani mhudumu aliyaona kwa macho yake mwenyewe? Pale muuguzi atakaposita, ndipo mgonjwa wa Lushebere aliposafiri peke yake.